Video imepauka au imekuwa giza baada ya kueksipoti: maswali kuhusu gama, previu ya editor na plea ya mtandaoni

Kwenye editor rangi zimekaa poa kabisa, nikifungua kwenye brauza zimepauka kama nguo iliyofuliwa mara mia. Nimekosea wapi?

Mara nyingi hujakosea kitu kwenye kugredi. Kinachotokea ni kwamba pikseli ni zilezile ila programu mbili zinazisoma kwa kanuni mbili tofauti. Faili la video halihifadhi mwanga, linahifadhi namba, halafu yule anayeonyesha ndo anaamua namba hii iwe mwanga kiasi gani, na hiyo kanuni ya kugeuza namba kuwa mwanga ndo watu wanaiita gama. Editor yako inaweza kuwa inatumia 2.4, brauza ikatumia 1.96, na hapo ushaachana na ulichokiona.

Ngoja tuweke namba kidogo, sio nyingi. Chukua pikseli ya kivuli yenye thamani 0.2 (0 ni nyeusi kabisa, 1 ni nyeupe kabisa). Kwa gama 2.4 mwanga unaotoka ni 0.2 kipeo cha 2.4, inakuja karibu 0.021. Kwa 1.96 inakuja karibu 0.043. Yaani kivuli kilekile kimetoa mwanga mara mbili! Sasa chukua pikseli angavu ya 0.8, kwa 2.4 ni 0.585 na kwa 1.96 ni 0.646, hapo tofauti ni kama asilimia 10 tu. Ndo maana unaona nyuso na anga ziko karibu sawa ila vivuli vimekuwa majivu, na jicho linasema "imepauka", wakati nyeusi kabisa na nyeupe kabisa hazijasogea hata kidogo, maana 0 na 1 ukizipandisha kipeo chochote zinabaki palepale.

Hilo la mwisho lishike vizuri, ndo litakuokoa huko mbele.

Hiyo 1.96 imetoka wapi sasa? Mbona kila mtu anasema Rec.709 ni 2.4?

Wote wako sahihi kwa upande wao, na hapo ndo ugomvi ulipo. Rec.709 ilipoandikwa mwaka 1990 ilieleza upande wa kamera, yaani mwanga unageuzwaje kuwa namba. Upande wa skrini haukuandikwa vizuri mpaka mwaka 2011 ilipokuja BT.1886, ambayo inasema monita ya video iwe na gama 2.4. Hizo mbili hazifanani kwa makusudi, kwa sababu ukigeuza kanuni ya kamera kinyumenyume unapata kitu kinachokaribiana na 1.96, na ukigawanya 2.4 kwa 1.96 unapata kama 1.22, ambayo ni kontrasti ya ziada iliyowekwa ili picha isionekane bapa ukiangalia kwenye chumba chenye mwanga hafifu.

Mac, kupitia ColorSync, mfumo wake wa kusimamia rangi, ikiona lebo ya Rec.709 kwenye faili inachukua ile kanuni ya kamera na kuigeuza kinyume moja kwa moja. Kihesabu ina mantiki. Kwa macho ya mtu aliyegredi kwenye monita ya 2.4 ni balaa. QuickTime Player na Safari zinapita njia hiyo, na Chrome kwenye Mac nayo kwa kawaida inaishia hukohuko. VLC mara nyingi haipiti, ndo maana faili moja kwenye kompyuta moja linakupa picha mbili, na watu wanahitimisha kwamba VLC ndo inasema kweli. Hapana, VLC inasema kitu kingine tu.

Kwenye Windows, brauza nyingi zinaipeleka namba kwenye skrini bila kugusa, na skrini nyingi za kawaida zinakaa karibu na 2.2. Kwa hiyo video yako moja inaishi kwenye dunia tatu: 1.96 kwa wenye Mac, karibu 2.2 kwa wengine wengi, na 2.4 kwako wewe uliyekaa mbele ya monita ya studio.

Nitajuaje tatizo langu ni gama na sio kitu kingine?

Hili ndo swali ambalo ningependa watu walianze nalo kabla ya kwenda kudaunilodi LUT ya mtu. Kuna mgonjwa mwingine anafanana sana na gama, anaitwa renji. Video za kawaida hazitumii namba zote kutoka 0 mpaka 255, zinatumia 16 kama nyeusi na 235 kama nyeupe. Plea ikikosea ikadhani faili ni la renji kamili wakati ni la 16 mpaka 235, nyeusi yako inaonekana kijivu cha 16, nyeupe inashuka mpaka 235, na picha nzima inapauka. Ukiangalia kwa macho tu utasema gama. Sio gama.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Tengeneza picha ya PNG yenye michirizi mitano ya kijivu isiyo na rangi yoyote, thamani 0, 51, 128, 204 na 255. Iweke kwenye taimlaini, usiiguse kwa gredi yoyote, iache sekunde kama 10, eksipoti kwa setingi zilezile unazotumia kila siku. Pandisha huko unakopandishaga video zako, au ifungue tu kwenye brauza. Kwenye Mac fungua programu ya `Digital Color Meter`, chagua `Display in sRGB`, halafu pita na mshale juu ya kila mchirizi usome namba. Kwenye Windows piga skrinshoti, ifungue kwenye programu yoyote ya picha, tumia kile kidude cha kuchukua rangi.

Sasa soma hivi. Kama 0 imebaki 0 na 255 imebaki 255 ila 51 imepanda mpaka kama 58 hadi 61, 128 imekuwa kama 138 na 204 imekuwa kama 210, hiyo ni gama, plea imesoma kwa 1.96. Kama 0 imekuwa 16, 51 imekuwa 60, 128 imekuwa 126, 204 imekuwa 191 na 255 imekuwa 235, hiyo ni renji.

Umeona kitu hapo? Mchirizi wa 51 unakwenda 60 kwenye hali zote mbili! Ukipima kivuli kimoja peke yake, au ukipima kwa macho kwenye koti jeusi la mtu, huwezi kabisa kuzitofautisha. Lazima uangalie ncha mbili. Ncha zikihama ni renji, ncha zikitulia katikati kukahama ni gama. Mimi hiki kitu nilikijua baada ya wiki mbili za kupigana na LUT za gama kwenye faili ambalo shida yake ilikuwa renji, na kila nikirekebisha vivuli weupe unazidi kufifia na sielewi kwa nini.

Namba zako zinaweza kupishana na zangu kwa moja au mbili sababu ya ukandamizaji, usihangaike na hilo.

Na ikiwa giza badala ya kupauka?

Mambo ni yaleyale ila yamegeuka. Ya kwanza ni kwamba uligredi ukiwa unaangalia previu angavu (tuseme 1.96 ya Mac) na mtazamaji anaangalia kwenye 2.2 au 2.4, vivuli kwake vinazama. Watu wa Final Cut Pro wanaijua hii, kwao previu na QuickTime vinakubaliana vizuri kwa sababu vyote vinapita ColorSync, wanafurahi, halafu mtu wa Windows anawaambia mbona giza.

Ya pili ni renji tena: faili lina namba kamili 0 mpaka 255 lakini limewekewa lebo ya renji ndogo. Plea inakata kila kilicho chini ya 16 na kila kilicho juu ya 235 halafu inavuta kilichobaki. Kwenye kipimo chetu 51 inashuka mpaka kama 41, 204 inapanda mpaka kama 219, na 128 inabaki karibu palepale. Yaani vivuli vinazama na mwanga unapanda kwa pamoja, kontrasti inakuwa kali hadi nywele nyeusi zinakuwa doa moja. Gama haifanyi hivyo, gama inasukuma kila kitu upande mmoja.

Lebo ni nini hasa, na nazionaje?

Ndani ya faili kuna namba tatu zinazoelezea rangi, moja ya rangi za msingi, moja ya kanuni ya gama, moja ya namna rangi ilivyochanganywa. Ukisikia watu wanasema "faili langu ni 1-1-1" ndo hizo, 1 kwa zote ni Rec.709. Ukisikia 1-2-1, hiyo 2 ya katikati maana yake gama haijatajwa, na Mac ikikuta haijatajwa inaweza kuionyesha tofauti na 1-1-1. Pembeni yake kuna lebo ya renji. Zote unaziona hivi:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=color_range,color_space,color_transfer,color_primaries video.mp4
```

Inayotakiwa kwa video ya kawaida ya mtandaoni ni `color_range=tv` na zile tatu nyingine `bt709`. Ukikuta `unknown` kwenye `color_transfer`, ushampata mhalifu mmoja. `pc` kwenye renji haimaanishi kompyuta, inamaanisha renji kamili, jina baya lakini ndo hivyo.

Naweza kubadilisha lebo bila kurenda upya?

Ndio, na kwa faili la H.264 ni sekunde chache tu:

```
ffmpeg -i ndani.mp4 -c copy -bsf:v h264_metadata=colour_primaries=1:transfer_characteristics=1:matrix_coefficients=1:video_full_range_flag=0 nje.mp4
```

Kwa HEVC badilisha tu `h264_metadata` iwe `hevc_metadata`. Angalia hiyo `colour` imeandikwa na u, ukiiacha inakugomea.

Mambo mawili ya kuangalia hapa. Kwanza, lebo zinaweza kukaa sehemu mbili, ndani ya mkondo wa video wenyewe na kwenye boksi la nje la MP4, na zikigombana plea moja inaamini ya ndani nyingine inaamini ya nje, ukabaki unashangaa. Amri hiyo inarekebisha za ndani, kwa hiyo baada ya hapo rudia kile kipimo cha michirizi mitano kwenye plea halisi, usiridhike na maandishi peke yake. Ikigoma, rudi kwenye masta yako uirende upya huku ukitaja lebo zote:

```
ffmpeg -i masta.mov -c:v libx264 -crf 16 -pix_fmt yuv420p -colorspace bt709 -color_primaries bt709 -color_trc bt709 -color_range tv -c:a aac nje.mp4
```

Pili, lebo hairudishi kilichokufa. Kama editor yenyewe ilikata vivuli wakati wa kueksipoti, namba hazipo tena, hata ubandike lebo ya dhahabu. Na kinyume chake, usibandike `video_full_range_flag=0` kwenye faili ambalo kweli ni renji kamili, utakuwa umetengeneza lile giza la swali la juu kwa mkono wako mwenyewe.

Kwa nini nisiweke tu LUT ya kufidia, nikamaliza?

Hii ndo dawa inayouzwa kila kona, na mimi niliinywa, ngoja nikusimulie. Nilikuwa na klipu ya usiku, mwanamke kasimama ukutani kavaa koti jeusi la sufi, na uzuri wote wa ile shoti ulikuwa kwenye mikunjo ya koti, unaiona moja moja ikiteremka kutoka begani. Mteja akaifungua kwenye Mac yake, akaniambia koti limekuwa la kijivu. Nikatafuta LUT ya kufidia, nikaiweka juu ya taimlaini nzima, nikarenda, nikafungua kwenye Safari, safi kabisa, mikunjo imerudi. Nikatuma nikalala.

Asubuhi nakuta meseji, ofisini kwao wameiangalia kwenye Windows na koti halina mikunjo tena, ni shimo jeusi lenye kichwa juu.

Hesabu inasema kwa nini. LUT ya namna ile inachukua kila namba na kuipandisha kipeo cha 2.4 gawa kwa 1.96, yaani kama 1.22. Kivuli changu cha 51 kikashuka mpaka 36 kwenye faili lenyewe. Kwenye Mac inayosoma kwa 1.96 kinatoa ule mwanga niliouona kwenye editor, sawa. Lakini kwenye skrini ya 2.2 isiyogusa kitu, 36 inatoa mwanga wa karibu 0.013 badala ya 0.021 niliokusudia, yaani kama asilimia 62 tu ya ule mwanga, na hapo tunaongelea mikunjo ya kati, ile ya ndani zaidi ndo imezama kabisa.

Kwa hiyo LUT ya kufidia ina kazi moja tu ya halali: unajua kwa hakika kwamba video itaangaliwa kwenye Mac na iPhone peke yake, mfano inachezwa kwenye kompyuta moja ya maonyesho unayoijua. Kwa video inayokwenda mtandaoni kwa kila mtu, achana nayo. Unamrekebishia mmoja unamharibia mwingine, na huyo mwingine hana hata habari kwamba kulikuwa na LUT.

Basi nigredi kwa gama ipi?

Kwa video ya mtandaoni mimi nagredi previu ikiwa 2.2, na najua kuna watu watanuna. Sababu yangu ni hii: ukiwa 2.4, mtu wa Mac anapata vivuli vyenye mwanga mara mbili ya ulivyokusudia. Ukiwa 2.2, kile kivuli cha 0.2 kinatoa 0.029, mtu wa Mac anakiona kama mara 1.5, na mwenye televisheni iliyowekwa 2.4 anakiona kwa karibu asilimia 72. Kosa limegawanyika pande mbili na hakuna anayeumia sana. Hakuna namba itakayowaridhisha wote watatu, ukikutana na mtu anayesema anayo muulize kama amepima kwenye mashine ngapi.

Na chumba nacho kina neno. 2.4 imekusudiwa chumba chenye giza kiasi. Kama unagredi mchana dirisha liko wazi, weka 2.2 na uvute pazia, na uzime `True Tone` na `Night Shift` maana hizo zinakubadilishia rangi huku unafanya kazi. Nshaona mtu anatafuta kosa la gama saa mbili nzima kumbe skrini imeingia rangi ya chungwa ya usiku.

Natumia DaVinci Resolve kwenye Mac, niguse nini?

Anza na `Preferences`, `System`, `General`, tafuta `Use Mac display color profiles for viewers` uiwashe. Bila hiyo previu haipiti ColorSync na huwezi kutegemea ifanane na Safari.

Halafu kwenye `Project Settings`, `Color Management`, kwenye `Output color space` utakuta `Rec.709 Gamma 2.4`, `Rec.709 Gamma 2.2` na `Rec.709-A`. Hiyo yenye A imewekwa kwa ajili ya tatizo hilihili, inafanya previu ionyeshe kama Mac itakavyoonyesha na faili litoke na lebo 1-1-1. Ukiacha 2.4 faili mara nyingi linatoka 1-2-1.

Kitu ambacho watu wengi wanakiruka: ukiwa kwenye `DaVinci YRGB` ya kawaida, kuhamia `Rec.709-A` hakubadilishi pikseli, kunabadilisha previu na lebo tu. Kwa hiyo ukishagredi kwa 2.4 halafu ukahamia A mwishoni, hujatibu chochote, umejionyesha tu ugonjwa ndani ya editor, previu inapauka nayo. Faida yake ni pale unapochagua kabla ya kugredi, ili macho yako yafanye maamuzi kwenye picha ileile atakayoiona mwenye Mac, halafu ukumbuke kuikagua na kwenye skrini ya kawaida ya Windows isije ikawa giza. Ukiwa kwenye mfumo ule wa `Color Managed` hadithi ni tofauti, hapo kubadilisha pato kunabadilisha pikseli kweli.

Mimi ninavyofanya: previu 2.2, na wakati wa kueksipoti kwenye `Deliver` nafungua `Advanced Settings` naweka `Color Space Tag` iwe `Rec.709` na `Gamma Tag` iwe `Rec.709-A` ili lebo itoke 1-1-1. `Data Levels` naacha `Auto`, na ukitaka kujiumiza weka `Full` kwa MP4 ya mtandaoni.

Na Premiere Pro?

Washa `Display Color Management` kwanza. Halafu kwenye matoleo ya karibuni fungua `Lumetri Color`, tabu ya `Settings`, utakuta `Viewer Gamma` ikiwa na `2.4 (Broadcast)`, `2.2 (Web)` na `1.96 (QuickTime)`. Hii inabadilisha unachokiona tu, haigusi faili. Kwa hiyo mtu akikuambia "nimeweka 1.96 na bado eksipoti imepauka", jibu ni kwamba eksipoti haijabadilika, ila sasa previu inatakiwa kufanana nayo, na kazi ya kurudisha vivuli chini bado ni ya mkono wako.

Nikipandisha kwenye YouTube lebo zangu zinabaki?

Wao wanarenda upya kila kitu, kwa hiyo faili anayoipata mtazamaji sio uliyopandisha. Kwa video ya kawaida isiyo ya HDR wanapendekeza BT.709, na ukipeleka 1-1-1 yenye renji `tv` unakuwa umewapunguzia sababu za kubahatisha. Ujanja wa kupeleka 1-2-1 ili Mac iionyeshe nzito kidogo unaweza kufanya kazi kwenye faili la mezani kwako na ukafa palepale likirendwa upya. Ndo maana nasema pima kwenye plea yenyewe baada ya kupandisha, weka ile michirizi mitano kama video ya faragha, isubiri ichakatwe, uisome.

Mtazamaji mmoja tu analalamika, wengine wote wako sawa.

Hapo usiguse faili. Muulize kama kompyuta yake imeunganishwa na televisheni kwa HDMI, maana kadi ya picha inaweza kuwa inatoa 16 mpaka 235 wakati televisheni inasubiri 0 mpaka 255, au kinyume. Kwa wenye NVIDIA kuna pia renji ya video peke yake, iko kwenye `NVIDIA Control Panel` sehemu inayoitwa `Adjust video color settings`, ndani yake kuna `Dynamic range`, aangalie kama ni `Full (0-255)` au `Limited (16-235)`. Mtumie ile video ya michirizi mitano umuulize kitu kimoja tu: ule mweusi wa mwisho ni mweusi kama fremu ya skrini yake au ni kijivu?

Rangi zimekolea mno, ngozi imekuwa nyekundu. Hiyo nayo gama?

Hapana. Hiyo mara nyingi ni skrini pana ya rangi, kama ya P3, inayopewa namba za Rec.709 bila kutafsiriwa. Michirizi yako ya kijivu itabaki sawa kabisa kwa sababu kijivu hakina rangi ya kukolea. Washa usimamizi wa rangi kwenye editor na itatulia.

Klipu za simu peke yake ndo zimepauka, za kamera ziko sawa, na ni ndani ya editor kabla hata sijaeksipoti.

Basi simu ilirekodi HDR, huenda HLG, na umeiingiza kwenye taimlaini ya Rec.709 bila kuigeuza. Piga ile `ffprobe` ya juu kwenye klipu yenyewe, ukiona `color_transfer=arib-std-b67` ndo HLG hiyo. Igeuze rangi yake kwenye editor kwanza, halafu ndo uanze kugredi.

Nimepima, ni gama, nimeshapeleka kazi na siwezi kurudia gredi nzima. Nifanyeje kwa leo?

Usiguse taimlaini nzima kwa LUT. Weka nodi moja au leya moja juu, shusha mwanga wa kati kidogo tu mpaka kivuli chako muhimu kifike katikati ya kilivyo kwenye editor na kilivyo kwenye Mac. Kwa lile koti langu faili la kwanza lilikuwa na 51, LUT iliishusha mpaka 36, na toleo la mwisho lilikuwa na 44. Kwenye Mac mikunjo ilionekana na koti bado linaitwa jeusi, kwenye Windows ya ofisini kwao begani palikuwa pamezama kidogo ila mikunjo ya kifuani yote ipo. Mteja alinyamaza, na kwa yule mteja kunyamaza ndo kupita.